Kinapungukiwa kila mara, lakini kinafika: upendeleo na uthabiti wa kikadirio

"Mwalimu, shikamoo. Tumefundishwa kwamba kikadirio kinaweza kuwa na upendeleo na bado kikawa thabiti. Nimesoma fasili zote mbili mara nyingi na bado naona zinagongana. Kama kikadirio kinakosea kila mara, tena upande uleule, kitafikaje kwenye thamani ya kweli? Na kama tunajua kina upendeleo, kwa nini tusikirekebishe tu yakaisha?"

Marahaba. Fasili hizo hazigongani kwa sababu kila moja inajibu swali lake.

Upendeleo huulizwa ukiwa umekwisha kuusimamisha ukubwa wa sampuli. Unasema sampuli ina namba 5, basi. Kisha unawaza kazi hiyohiyo ikirudiwa mara nyingi mno, kila mara kwa namba 5 mpya, na kila mara kadirio jipya. Wastani wa makadirio hayo yote ukiangukia kwenye thamani ya kweli, kikadirio hakina upendeleo. Ukiangukia pembeni, umbali wa kutoka hapo hadi kwenye ukweli ndio upendeleo wenyewe. Uthabiti unashika njia nyingine. Wenyewe huchukua sampuli moja na kuiacha ikue, kutoka namba 5 hadi 50, hadi 5,000 na kuendelea. Ukiamua umbali wowote mdogo, hata uwe mdogo kiasi gani, uthabiti unadai kwamba uwezekano wa kadirio kuwa nje ya umbali huo upungue hadi kukaribia sifuri kadiri sampuli inavyokua. Ukubwa wa sampuli tuuite n. Basi upendeleo ni habari ya n moja iliyosimama, na uthabiti ni habari ya n inayotembea. Kikadirio kinaweza kuwa na kosa kwenye kila n utakayoitaja, mradi kosa hilo linasinyaa n inapokua.

Maneno hayo peke yake hayakunitosha nilipokuwa nasoma, na nadhani hata wewe hayatakutosha. Kilichonifungua macho ni mfano mmoja ambamo kosa linaonekana waziwazi, halijifichi nyuma ya aljebra. Ndio nitakaoutumia.

Chukua mtambo unaotoa namba kwa nasibu, popote kati ya 0 na kikomo fulani tusichokijua, na kila sehemu ya njia hiyo ina nafasi sawa ya kuangukiwa. Kikomo hicho tukiite θ. Kazi yetu ni kukikadiria kwa kuziangalia namba zilizotoka. Wazo la kwanza linalomjia mtu yeyote ni kuchukua namba kubwa kuliko zote alizoziona na kusema kikomo ni hiki. Tuiite M.

Ili tuione kwa macho, mimi nitajua kwamba θ ni 10, ila kikadirio hakijui. Mtambo unatoa namba tano: 2.4, kisha 0.4, kisha 8.9, kisha 1.2, mwisho 7.1. Kubwa ni 8.9, kwa hiyo M inasema kikomo ni 8.9. Imepungukiwa 1.1. Sasa jiulize kama M ingeweza kuzidi 10. Haiwezi, kwa kuwa hakuna namba inayotoka juu ya kikomo. Ingeweza basi kuwa 10 kamili? Uwezekano wake ni sifuri. Kwa hiyo M iko chini ya ukweli kila mara, katika kila sampuli, ya ukubwa wowote. Ni kikadirio kinachokosea kila mara upande uleule, kama ulivyoeleza mwenyewe, na ndiyo maana nimekichagua.

Kinapungukiwa kwa kiasi gani kwa wastani? Kuna njia ya kukokotoa, nitaitaja, lakini kwanza ione kwa fimbo. Namba tano ni kama alama tano zilizochorwa kwa nasibu kwenye fimbo yenye urefu θ. Alama tano zinaikata fimbo vipande sita. Hakuna kipande chenye sababu ya kuwa kirefu kuliko mwenzake. Kama unatilia shaka hilo kwa sababu vipande vya ncha vinaonekana tofauti, ikunje fimbo iwe duara: mahali ncha zinapokutana panakuwa alama ya sita, na kwenye duara lenye alama sita za nasibu kila kipande ni sawa na kingine. Basi kwa wastani kila kipande kina urefu wa θ gawanya kwa 6. Kipande cha mwisho, kile kinachotoka kwenye alama ya juu kabisa hadi ncha ya fimbo, ndicho upungufu wa M. Kwa namba n, upungufu wa wastani ni θ/(n+1).

Hesabu inathibitisha. M iko chini ya t pale tu ambapo namba zote ziko chini ya t, na kwa kuwa kila namba inatoka bila kutegemea nyingine, uwezekano wake ni (t/θ)^n. Ukitafuta wastani kutoka hapo unapata nθ/(n+1), yaani θ ikiwa imepungua θ/(n+1), sawasawa na ile fimbo. Kwa θ yetu ya 10, namba moja ina upungufu wa wastani wa 5, namba tano 1.67, namba tisa 1, na namba tisini na tisa 0.1. Upendeleo upo kwenye kila mstari. Hakuna n ambayo ukiifikia unakuwa sifuri.

Sasa igeukie safari yenyewe. Amua kwamba utaridhika ukiwa ndani ya nusu, yaani kati ya 9.5 na 10. M inashindwa kufika humo pale tu ambapo namba zote zimeanguka chini ya 9.5. Uwezekano wa namba moja kuwa chini ya 9.5 ni 0.95, na wa zote n ni 0.95^n. Kwa namba tano huo ni takribani 0.77, kwa hiyo mara nyingi M bado iko mbali. Kwa namba 20 umeshuka hadi 0.36. Kwa 50 ni 0.077. Kwa 100 ni 0.006. Na nusu haina chochote cha pekee. Ukitaka ukaribu wa 0.01, msingi wa kipeo unakuwa 0.999, bado ni chini ya 1, na namba yoyote iliyo chini ya 1 ikipandishwa kwa kipeo kinachokua bila mwisho hushuka hadi sifuri. Itabidi usubiri zaidi, lakini utafika. Huo ndio uthabiti, na umethibitika bila upendeleo kuondoka hata siku moja.

Nadhani sasa unaona mahali uliponaswa. Ulichukulia kwamba ili kufika kwenye ukweli ni lazima makosa ya juu na ya chini yafutane. Huko kufutana ni jambo la kikadirio kisicho na upendeleo, na kunatokea kati ya sampuli na sampuli, si ndani ya ile moja uliyonayo mkononi. M haihitaji kufutwa kosa. Ukuta uko juu yake na yenyewe inasukumwa kuuelekea kwa kila namba mpya, wala hairudi nyuma kamwe, maana namba kubwa kuliko zote haipungui kwa kuongeza namba nyingine. Kosa liko upande mmoja na nafasi yake inazidi kubanwa.

Ukitaka kujiaminisha, endesha mistari hii. Kwa kila n inatengeneza sampuli 20,000, kisha inaonyesha wastani wa M na sehemu ya sampuli ambazo M yake imebaki chini ya 9.5:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
for n in [5, 50, 500]:
    x = rng.uniform(0, 10, size=(20000, n))
    m = x.max(axis=1)
    print(n, m.mean(), (m < 9.5).mean())
```

Utaona wastani ukikaribia 8.33, kisha 9.80, kisha 9.98, na sehemu iliyobaki chini ikishuka kutoka karibu 0.77 hadi karibu 0.08, mwisho sifuri. Safu inayofuata n inakuonyesha upendeleo, na ya mwisho inakuonyesha uthabiti. Ziangalie zote mbili kwa pamoja.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika, nao ndio unaofanya tofauti ishike kichwani. Tafuta kikadirio kisicho na upendeleo kabisa lakini kisichofika popote. Kipo karibu. Chukua namba ya kwanza peke yake, izidishe kwa 2, nyingine zote zipuuze. Wastani wa namba moja ni nusu ya θ, kwa hiyo mara mbili yake ina wastani wa θ kamili. Hakina upendeleo hata chembe. Kwenye sampuli yetu namba ya kwanza ilikuwa 2.4, basi kadirio ni 4.8. Ongeza namba hadi zifike milioni: kadirio bado ni 4.8. Limeganda. Mtu anayesema "sina upendeleo" anaweza kuwa amesema hilo tu na si zaidi, kwamba watu wengi wakifanya kazi yake kila mmoja kwa data yake, wastani wao ungekuwa sahihi. Wewe una data yako moja.

Utaniambia huo ni mfano wa kulazimisha, hakuna anayefanya takwimu namna hiyo. Sawa. Basi chukua kikadirio cha heshima: wastani wa sampuli nzima mara mbili. Hiki hakina upendeleo na ni thabiti pia. Kina sifa zote mbili ambazo vitabu huzisifu. Jumla ya namba zetu tano ni 20, wastani ni 4, mara mbili ni 8. Kikadirio kinasema kikomo ni 8. Lakini namba ya tatu ilikuwa 8.9! Tumekwisha kuona kwa macho namba iliyopita hapo, na kikadirio kisicho na upendeleo kinatuambia haiwezekani kuwepo. Sikuzichagua hizo namba kwa sababu ni za ajabu. Mambo ya namna hii hutokea mara kwa mara sampuli ikiwa ndogo. Ukosefu wa upendeleo unalindwa hapa kwa gharama: makadirio yasiyowezekana ya chini yanafidiwa na makadirio yaliyopita mno juu katika sampuli nyingine ambazo hutaziona. Binafsi, nikipewa namba hizo tano na kuambiwa nichague kati ya jibu 8 na jibu 8.9, sihitaji hata kukokotoa. La kwanza najua ni uongo.

Tukokotoe hata hivyo, kwa sababu macho huweza kudanganya. Kipimo kinachofaa ni wastani wa mraba wa kosa: chukua umbali wa kadirio kutoka kwenye ukweli, uuzidishe kwa wenyewe, utafute wastani wake katika sampuli zote zinazowezekana. Uzuri wake ni kwamba unagawanyika sawasawa mafungu mawili: mraba wa upendeleo, kisha varianso, yaani mtawanyiko wa makadirio kuzunguka wastani wao wenyewe. Kwa M yenye namba tano na θ ya 10, fungu la upendeleo ni 2.78 na fungu la mtawanyiko ni 1.98, jumla 4.76. Kwa mara mbili ya wastani, fungu la upendeleo ni sifuri lakini mtawanyiko ni 6.67. Kile chenye upendeleo kina kosa dogo zaidi.

Kadiri n inavyokua, kosa la M linazidi kuwa sehemu ndogo ya kosa la mwenzake, na sababu yake inafaa uishike. Wastani wa mraba wa kosa la M ni 2θ²/((n+1)(n+2)), unashuka kwa kasi ya n mara n. Wa mara mbili ya wastani ni θ²/(3n), unashuka kwa kasi ya n tu. Kwa namba 50, ukichukua kipeuo cha pili upate kosa katika vipimo vya kawaida, M inakosea kwa takribani 0.27 na mwenzake kwa 0.82. Vyote viwili ni thabiti, lakini kimoja kinakimbia na kingine kinatembea. Neno "thabiti" halisemi lolote kuhusu mwendo, na hilo ni pungufu lake la kweli. Ukizijaribu fomula hizo mbili kwa n ya 1 na ya 2 utakuta zinatoka sawa kabisa, na M inaanza kushinda kwenye namba ya tatu. Mimi huipenda sana sadfa hiyo.

Sasa swali lako la pili, kwa nini tusikirekebishe. Tukirekebishe, na katika mfano huu ndilo jambo la kufanya. Kama M kwa wastani ni n/(n+1) ya kikomo, izidishe kwa (n+1)/n na upendeleo umekwisha. Kwa sampuli yetu, 8.9 mara 6 gawanya kwa 5 ni 10.68. Ukirudi kwenye fimbo, tunachofanya ni kuongeza kipande kimoja cha wastani juu ya alama ya mwisho. Wastani wa mraba wa kosa kwa namba tano unashuka kutoka 4.76 hadi 2.86. Tumelipa mtawanyiko kidogo, tumefuta upendeleo mkubwa, tumepata faida.

Marekebisho ya jamii hii yaliwahi kufanya kazi kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanatakwimu wa upande wa Washirika walikadiria idadi ya vifaru vilivyotengenezwa Ujerumani kwa kusoma namba za mfululizo kwenye vifaru vilivyotekwa. Namba za mfululizo ni nzima na hazijirudii, kwa hiyo fomula hubadilika kidogo: ukiwa na namba k na kubwa yao ni m, kadirio lisilo na upendeleo ni m + m/k − 1. Wazo ni lilelile, namba kubwa uliyoiona pamoja na nafasi ya wastani iliyobaki juu yake. Kwa Agosti 1942 njia ya namba ilitoa kadirio la vifaru 327 kwa mwezi, ilhali taarifa za kijasusi zilisema 1,550. Kumbukumbu za Wajerumani zilizosomwa baada ya vita zilionyesha 342.

Ila usiondoke ukidhani kwamba kurekebisha upendeleo hadi sifuri ndio mwisho wa safari. Uliza ni kizidisho gani cha M kinachotoa wastani mdogo kabisa wa mraba wa kosa. Jibu si (n+1)/n. Ni (n+2)/(n+1), ambacho ni kidogo zaidi na kinaacha upendeleo mdogo wa kupungukiwa. Kwa namba tano kosa lake ni 2.78 dhidi ya 2.86. Tofauti ni ndogo na kwenye kazi halisi nisingeigombania, lakini kimsingi inaonyesha kitu kikubwa: hata pale unapoweza kuufuta upendeleo wote kwa urahisi, kosa dogo kabisa linapatikana ukiacha kidogo. Na vikadirio vyote vitatu, M yenyewe na hivi viwili, ni thabiti, maana vizidisho vyote vinakaribia 1.

Kuna tatizo jingine la kurekebisha ambalo wanafunzi hulikuta bila kulitarajia. Tuseme kinachotakiwa si θ bali eneo la mraba wenye upande θ, yaani θ². Una kikadirio cha θ kisicho na upendeleo, unakizidisha kwa chenyewe, na upendeleo umerudi. Kwa namba tano, wastani wake unakuwa 36/35 ya ukweli, yaani 102.86 badala ya 100. Ukosefu wa upendeleo hauvuki kanuni yoyote isiyo ya mstari ulionyooka. Uthabiti unavuka: kama kadirio linakaribia 10, mraba wake unakaribia 100, bila marekebisho yoyote mapya. Bila shaka umefundishwa kugawanya kwa n−1 ili varianso ya sampuli isiwe na upendeleo. Ukiichukulia kipeuo cha pili upate mchepuko sanifu, upendeleo umerudi palepale, na karibu kila mtu huutumia hivyohivyo bila wasiwasi, kwa kuwa ni thabiti.

Tahadhari moja ya nadharia, kisha tuingie kwenye yanayoharibika. Watu wengi hukariri kwamba "thabiti" maana yake upendeleo unakwenda sifuri. Hapana. Upendeleo na varianso vikienda sifuri vyote viwili, uthabiti umepatikana, hiyo ni njia nyepesi ya kuuthibitisha. Lakini upendeleo peke yake hautoshi, kama ile namba ya kwanza mara mbili ilivyoonyesha. Wala si lazima. Fikiria kikadirio kinachotoa M, isipokuwa mara moja katika kila n kwa nasibu kinatoa M + n. Uwezekano wa kuharibika ni 1/n, unakwenda sifuri, kwa hiyo ni thabiti. Lakini n mara 1/n ni 1, basi wastani wake unazidi ule wa M kwa 1 daima, na upendeleo unatulia kwenye 1 badala ya kwenda sifuri. Uthabiti unahesabu ni mara ngapi unakosea vibaya, wakati upendeleo unapima pia ukubwa wa kosa.

Sasa yanayoharibika. Uthabiti wa M wote umesimama juu ya dai moja, kwamba namba zinafika karibu na kikomo na hazikivuki. Vunja dai hilo na M haifiki tena. Tuseme chombo cha kurekodi hakiwezi kuandika zaidi ya 9, kila kinachozidi kinaandikwa 9. M itafika 9 haraka sana na kubaki hapo. Kwa namba 50, uwezekano kwamba imeshafika ni zaidi ya 0.99. Hapa ndipo hofu yako ingekuwa ya haki: kosa upande mmoja, na halisinyai. Marekebisho ya (n+1)/n hayaokoi kitu, kwa sababu n ikikua nayo yanayeyuka na kukuacha kwenye 9.

Unalitambuaje hilo ukiwa na sampuli moja? Zipange namba zako na uangalie kileleni. Kama namba ya juu kabisa imejirudia, chombo kimekata. Namba za nasibu zilizopimwa vizuri hazijirudii kileleni. Angalia pia pengo kati ya namba ya juu na ile inayoifuata. Kwa hoja ya fimbo, nalo ni kipande kama vingine, kwa wastani θ/(n+1). Kwetu ni 8.9 toa 7.1, yaani 1.8, karibu na 1.67 iliyotarajiwa. Pengo moja linayumba sana, kwa hiyo usilihukumu kwa ukali, lakini pengo la sifuri au pengo lililo kubwa mara nyingi kuliko wastani linakutaka urudi kwenye data.

Kosa la kuandika ni hatari zaidi. Mtu aandike 89 badala ya 8.9, kwa kusahau nukta tu. M sasa ni 89, na itabaki 89 hata uongeze namba ngapi, kwa sababu ileile tuliyoisifu mwanzoni: hairudi nyuma. Mara mbili ya wastani, kile kikadirio kilichoshindwa vibaya hapo juu, nacho kitaumia, kitapanda hadi 40.04 kwa sampuli ya namba tano. Lakini ukifika namba 1,000, nukta hiyo moja iliyosahauliwa inakipotosha kwa 0.16 tu. Na kama kila kipimo kina kosa dogo la nasibu, linaloongeza au kupunguza kwa usawa, M hatimaye itavuka kikomo na kuendelea kupanda, ilhali mara mbili ya wastani bado inafika kwenye θ.

Kwa hiyo nikiletewa data ya namna hii leo, naanza kwa kuzipanga namba na kukagua zile tatu au nne za juu. Zikiwa safi, natumia M iliyorekebishwa na sioni haja ya kutazama wastani. Zikiwa na shaka, nakokotoa vyote viwili na kuvilinganisha. Kwa namba 100, M iliyorekebishwa inatarajiwa kukosea kwa takribani 0.1 na mara mbili ya wastani kwa takribani 0.58, kwa hiyo tofauti ya nusu kati yao si ajabu. Tofauti ya mbili ni ishara kwamba moja ya dhana nilizoanza nazo haipo kwenye data hiyo, na hapo naacha kukadiria kwanza, narudi kuuliza namba zilipimwaje.